Vidole vinakuwa vyeupe halafu bluu asubuhi, wenye uelewa nisaidieni

BintiMakete: Habarini wakuu. Nipo Makete, miaka 26, nauza mboga. Tangu Mei, nikiosha karoti alfajiri kwa maji ya bomba, vidole viwili vya kati vinapoteza rangi. Upande wa kiganja vinakuwa vyeupe kama mshumaa, na weupe unaishia ghafla kwenye pingili kama umechorwa kwa kalamu. Sisikii kitu hata nikijichoma na mwiba. Baada ya dakika kama kumi kucha zinakuwa bluu. Nikikaa jikoni karibu na moto vinawaka na kuwa vyekundu, vinapwita hadi machozi yanatoka. Mikono yote miwili, kidole gumba hakiguswi. Zahanati waliangalia, vidole vilikuwa vya kawaida, wakaniambia nivae glavu. Ni nini hiki?

Mzee wa Kisarawe: Pole binti. Hiyo ni damu kupungua. Kunywa rozela, kula mchicha, na vikianza tumbukiza mikono kwenye maji ya moto kabisa. Joto ndiyo dawa.

TabibuWaMlimani: Mzee, joto ni kweli, ila maji ya moto kabisa hapana. Kidole kisichosikia mwiba hakisikii kuungua pia. Tumia maji ya uvuguvugu, au aweke vidole kwapani.

Dada, ulivyoeleza mfuatano wa rangi umemaliza nusu ya kazi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliueleza mwaka 1862 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mishipa inayopeleka damu vidoleni ina msuli ukutani mwake. Baridi ikija, neva huuamuru ujibane ili joto lisitoroke mwilini, na hilo linatokea kwa kila mtu. Kwako msuli unaitikia kupita kiasi, mshipa unafunga kabisa. Damu haifiki, ndiyo weupe na ganzi. Damu kidogo iliyobaki au inayopenya polepole inanyang'anywa oksijeni yote, ndiyo bluu. Msuli ukilegea damu inarudi kwa kishindo, ndiyo wekundu na maumivu. Upungufu wa damu ungekupausha midomo na viganja vyote, usingechora mstari kwenye pingili.

Maswali: una vidonda kwenye ncha za vidole? Ngozi ya vidole inakaza? Viungo vinauma? Na unatumia dawa gani?

Kibo88: Mimi pia nina ganzi, ila usiku nikilala, dole gumba na vidole viwili. Nikikung'uta mkono inaisha. Ni huu huu?

TabibuWaMlimani: Rangi inabadilika?

Kibo88: Hapana.

TabibuWaMlimani: Basi wako si huu. Huo unafanana na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Fungua uzi wako.

FundiMsumeno: Baba mdogo alikata miti Mufindi kwa msumeno wa mnyororo miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa hivi hivi, mkono wa kushoto zaidi. Tuliambiwa ni mtikisiko wa mashine. Ameacha kazi lakini baridi ya Julai bado inamkamata.

BintiMakete: Asante daktari. Vidonda sina, ngozi iko sawa, viungo haviumi. Dawa ni propranololi, nilianzishwa Machi kwa ajili ya kipandauso. Mama naye vidole vilikuwa vikimfia akichota maji, sisi tulidhani ni uzee.

TabibuWaMlimani: Hapo sasa. Propranololi inaziba njia mojawapo ya kulegeza mishipa, ile ya kubana inabaki inatawala. Ila na mama yako pia, na tatizo hili hutembea kwenye ukoo. Siwezi kukuambia kwa uhakika kipi kimeanza. Usiache vidonge ghafla, moyo unaweza kwenda mbio. Rudi kwa aliyekuandikia, mwombe njia nyingine ya kuzuia kipandauso. Ukibadilishiwa na baridi ijayo vikaendelea, ni asili yako, na kama vinakukwaza kazini kuna nifedipini, dawa ya presha inayolegeza ukuta wa mshipa. Hiyo haianzwi bila kupimwa presha. Dawa za mafua za kuzibua pua ziepuke, na sigara.

Glavu peke yake haitoshi. Kifua kikipoa, mwili unafunga mishipa ya vidole hata vikiwa vimefunikwa. Vaa sweta na kofia kabla ya kwenda bombani. Ukiona kidonda kwenye ncha, au kidole kimebaki cheusi na kinauma hata baada ya kupata joto, hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kisarawe: Kumbe. Ila rozela anywe tu, haina ubaya.

BintiMakete: Nitakunywa mzee wangu. Leo nimempa mdogo wangu simu akanipiga picha vidole vikiwa vyeupe, safari hii nikienda zahanati naenda nayo. Ila baba mdogo wa Fundi, yeye hakupewa dawa yoyote?

FundiMsumeno: Kapewa barua ya kuacha msumeno tu. Nitamuuliza.