Naombeni jicho la pili: wasifu wangu umechanganya nyakati, nukta na tarehe

mtunza_stoo

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kusahihisha wasifu wangu wa kazi kabla sijautuma. Nimeujenga kwa miaka, kila nikibadilisha kazi naongeza kipande juu bila kugusa cha chini. Jana nilimpa mtu ausome, akaniambia "mambo yako mazuri ila unasomeka kama umeandikwa na watu watatu". Naona ana hoja, lakini sijui nianzie wapi. Sehemu yenyewe ni hii, nimeinakili kama ilivyo:

> Msimamizi wa ghala, 04/07/2020 - hadi sasa
> • Nilianzisha utaratibu wa kuhesabu bidhaa kila mwezi
> • Ninasimamia wafanyakazi sita wa ghala.
> • kupokea na kukagua mizigo inayoingia;
> • Nimepunguza upotevu wa bidhaa.
>
> Karani wa ghala, Feb 2017 – Mei 2020
> • Kuandaa ripoti za kila wiki
> • Nimefundisha makarani wapya wawili,
> • Hutunza hati za kupokelea mizigo, stakabadhi n.k.
>
> Msaidizi wa mauzo, 2015-16
> • Hudumia wateja dukani.
> • Nilipanga bidhaa kwenye rafu

Kazi ya juu ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Nisaidieni nyakati, nukta na tarehe. Mengine yote nimeridhika nayo.

fundi_chapchap

Rahisi sana hiyo mkuu. Wasifu ni historia, kwa hiyo weka kila kitu wakati uliopita: nilianzisha, nilisimamia, nilipokea, nilipunguza, juu mpaka chini. Nukta zifute zote mwishoni mwa vipengele, bonyeza Ctrl+H dakika moja imekwisha. Tarehe weka mwezi na mwaka. Tuma.

tausi_wa_pwani

Mimi naomba niulize hapo hapo kwenye tarehe. Nina mikataba mingi mifupi, mwingine miezi miwili, mwingine mitatu. Nikiandika miezi naonekana situlii. Je, nikiweka miaka mitupu kama alivyofanya yeye kwenye ile 2015-16 kuna ubaya?

kalamu_nyekundu

Nahariri nyaraka kwa kazi, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha kidogo.

Fundi, kazi mbili za chini umepatia kabisa. Zimekwisha, basi ni "nili-" kila mahali. Ile ya juu hapana. Mtu yuko kazini leo, halafu anaandika "nilisimamia wafanyakazi sita"? Msomaji atatazama tarehe, aone "hadi sasa", atazame kitenzi, aone kimekwisha, na hapo atajiuliza kama umeacha kazi ukasahau kurekebisha tarehe au la. Kitenzi na tarehe lazima vikubaliane. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokagua katika wasifu wowote: nafunika vipengele kwa karatasi, nasoma tarehe tu na kuamua kazi imekwisha au inaendelea, halafu nafunua nione kama vitenzi vinasema hivyo hivyo.

Kwa kazi inayoendelea kuna vitu vya aina mbili. Kuna unachofanya kila siku, kama kusimamia watu na kupokea mizigo. Hicho kinachukua "nina-". Na kuna ulichokifanya kikaisha, kama kuanzisha ule utaratibu wa kuhesabu. Hicho ni "nili-" ingawa bado uko pale pale. Kwa hiyo nyakati mbili ndani ya kazi moja si kosa. Kinachochosha macho ni kuruka huku na huku: nili, nina, ku, nime, kama ulivyofanya. Yaweke majukumu kwanza, halafu uliyokamilisha, msomaji avuke mpaka mara moja tu.

"Nime-" ndiyo inayowaponyoka wengi. "Nimefundisha makarani wawili" chini ya kazi iliyoisha Mei 2020 inavuta jambo mpaka leo, wakati tarehe inasema ulishaondoka. Pale iwe "Nilifundisha". "Nimepunguza upotevu" kwenye kazi ya sasa inakubalika, lakini jirani yake ni "Nilianzisha", na yote mawili ni mambo uliyokamilisha. Chagua moja. Mimi ningeandika "Nilipunguza", halafu ningetaja ulipungua kiasi gani, kama una hesabu ya kuonyesha.

"Hutunza" nayo ni ya mazoea yanayoendelea, haikai kwenye kazi iliyokwisha. Na "Hudumia wateja" haina mtendaji wala wakati, inasomeka kama unamwamuru anayekuajiri akahudumie wateja.

bi_mpangilio

Mimi hapo kwenye "ku-" natofautiana kidogo na kalamu. Nimepitia wasifu nyingi za waombaji, na mtindo wa "Kupokea mizigo, Kuandaa ripoti, Kufundisha makarani" unasomeka vizuri tu. Hauna wakati, kwa hiyo hauwezi kugongana na tarehe, na hauna lile "ni, ni, ni" mwanzo wa kila mstari.

kalamu_nyekundu

Ni kweli haugongani, dada, lakini unaficha. "Kuanzisha utaratibu wa kuhesabu bidhaa": aliuanzisha, au alipewa jukumu la kuuanzisha na haukuanza? Kwa kazi za kila siku sina neno, kwa mafanikio sikubali.

bi_mpangilio

Basi weka vichwa viwili vidogo, "Majukumu" kwa "ku-" na "Mafanikio" kwa "nili-". Mimi ndivyo ninavyopenda kuona.

kalamu_nyekundu

Kwa vipengele vitatu au vinne kwa kila kazi, vichwa viwili vitakula nafasi kuliko maneno yenyewe. Mwenye wasifu ataamua. Asichanganye tu ndani ya kundi moja.

Sasa nukta. Fundi kasema azifute zote, na hata mimi ningefuta, kwa sababu vipengele vyake ni vifupi na kila kimoja ni mstari mmoja. Wapo wanaoweka nukta kwa kuwa "Ninasimamia wafanyakazi sita" ni sentensi kamili, nao hawakosei. Kama kipengele kimoja kina sentensi mbili, hapo utalazimika kuweka nukta katikati, na ukishaiweka katikati ni vigumu kuinyima ya mwisho, kwa hiyo zote zipate. Ila nuktamkato kwenye kipengele cha tatu na mkato kwenye kile cha makarani havina utetezi. Hayo ni mabaki ya zamani, orodha ilipokuwa sentensi moja ndefu.

Ctrl+H ni nzuri ila ina mtego. Kwenye Word, hii hutafuta nukta iliyo mwisho wa aya:

```
.^p
```

na sehemu ya kubadilishia unaweka `^p` peke yake. Usipochagua vipengele kwanza, itang'oa pia nukta ya mwisho ya aya yako ya utangulizi. Na kwenye mstari wako wa "stakabadhi n.k." itakuachia "n.k", kifupisho kilichokatwa mkia. Mimi ningeiondoa hiyo "n.k." kabisa, haimwambii msomaji kitu. Tafuta pia `;^p` na `,^p`. Kama nukta inaonekana lakini haipatikani, kuna nafasi tupu iliyojificha baada yake. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichwa. Na "kupokea" ianze kwa herufi kubwa kama wenzake.

mtunza_stoo

Kalamu, Mungu akubariki. Na tarehe je?

kalamu_nyekundu

Kabla sijajibu: hiyo 04/07/2020 ni tarehe 4 Julai au 7 Aprili?

mtunza_stoo

Ni 7 Aprili. Niliinakili kutoka fomu ya mtandaoni iliyokuwa inatanguliza mwezi.

kalamu_nyekundu

Umeona sasa. Mimi niliisoma 4 Julai, na wengi humu nadhani waliisoma hivyo hivyo. Kwa usomaji wangu uliacha ukarani Mei, ukakaa Juni nzima bila kazi, ukaanza Julai. Kwa usomaji wako ulikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, Aprili na Mei. Ni hadithi mbili tofauti kutoka kwenye tarakimu zile zile.

mtunza_stoo

Ya pili ndiyo kweli. Nilikuwa nakabidhi kule huku nimeshaanza huku. Nisogeze moja ili zisigongane?

kalamu_nyekundu

Usisogeze. Ni kweli, basi iache. Ukiulizwa utaeleza kwa sentensi moja. Tarehe "iliyonyooshwa" ikikutana na barua ya kazi inayosema vingine, hapo ndipo maswali yanapoanza.

Kwa umbo: siku haihitajiki kwenye wasifu, mwezi na mwaka vinatosha. Andika jina la mwezi badala ya tarakimu, hakuna atakayeuliza kipi ni kipi. Ukifupisha, fupisha yote kwa herufi tatu: Feb, Apr. Mei haifupiki, kwa hiyo ukiwa nayo pamoja na "Feb" hakuna atakayegundua, lakini "Feb" na "Aprili" pamoja zitaonekana. Mwaka uwe na tarakimu nne, usiandike "16". Kati ya tarehe mbili weka kistari kimoja cha aina moja. Wewe una kifupi juu na kirefu chini, na kile cha chini kabisa kimebanwa bila nafasi. Tena umeandika kistari na "hadi" pamoja, ilhali vinafanya kazi ile ile. Moja ibaki.

Tausi, swali lako sasa. "2018 – 2019" inaweza kuwa Desemba mpaka Januari, au miezi 24 kamili. Wanaosoma wasifu wanalijua hilo, kwa hiyo miaka mitupu kwenye kazi moja katikati ya nyingine zenye miezi ndiyo huvuta jicho. Kwenye elimu mwaka peke yake ni kawaida, mradi sehemu nzima iwe hivyo.

tausi_wa_pwani

Kwa hiyo nikiweka miaka mitupu kwenye kazi zote?

bi_mpangilio

Itakuwa na usawa, lakini kwa mikataba ya miezi miwili utaona "2021" imejirudia mara tatu mfululizo, na ataelewa tu. Ikusanye chini ya kichwa kimoja, "Mikataba ya muda mfupi", Machi 2021 – Novemba 2022, halafu orodhesha ndani yake.

fundi_chapchap

Na kama alipumzika miezi mitano katikati?

bi_mpangilio

Hapo sina jibu zuri, ndugu yangu. Angalau kila mkataba uandikwe miezi yake ndani.

mtunza_stoo

Nimerekebisha. Tazameni:

> Msimamizi wa ghala, Aprili 2020 – sasa
> • Ninasimamia wafanyakazi sita wa ghala
> • Ninapokea na kukagua mizigo inayoingia
> • Nilianzisha utaratibu wa kuhesabu bidhaa kila mwezi
> • Nilipunguza upotevu wa bidhaa
>
> Karani wa ghala, Februari 2017 – Mei 2020
> • Niliandaa ripoti za kila wiki
> • Nilifundisha makarani wapya wawili
> • Nilitunza hati za kupokelea mizigo na stakabadhi
>
> Msaidizi wa mauzo, 2015 – 2016
> • Nilihudumia wateja dukani
> • Nilipanga bidhaa kwenye rafu

Ile ya mwisho miezi siikumbuki, na sitaki kubuni.

kalamu_nyekundu

Vizuri, usibuni. Tafuta barua ya ajira au hati ya malipo ya kwanza na ya mwisho, miezi iko humo. Zikikosekana, mpigie uliyefanya naye kazi. Ukikwama kabisa iache hivyo, ni kazi ya zamani na iko chini.

bi_mpangilio

"Ninapokea na kukagua" ni sawa, usirudie "nina" kwenye kitenzi cha pili. Ila kabla hujahifadhi PDF, angalia barua yako ya maombi inasema ulianza lini pale. Kama uliinakili kutoka fomu ile ile, ile 04/07 iko na huko.

mtunza_stoo

Ipo. Aya ya pili.