Naomba ushauri: rubriki yangu, wasahihishaji wawili wanatoa alama tofauti

Habari wakuu. Nafundisha kilimo chuoni, Iringa. Tokeo la kujifunza linasema: "Mwanachuo ataweza kupima pH ya udongo na kupendekeza matumizi ya chokaa." Vitenzi ni viwili, nami nilivifanya kigezo kimoja chenye viwango vinne: vizuri sana, vizuri, wastani, dhaifu. Mwenzangu na mimi tukasahihisha kazi ileile, yeye akatoa 4, mimi 2. Yeye alitazama pendekezo, mimi nilitazama vipimo!

Sasa nimetenga vigezo viwili. Cha kupima nimekiandika kwa yale yanayoonekana mezani. Kiwango cha 4: amesawazisha kipima pH kwa bafa mbili, amechanganya udongo na maji kwa uwiano wa 1:2.5, amerudia kipimo na majibu yanakaribiana. Cha 3: yote hayo, ila hakurudia. Cha 2: uwiano ni sahihi lakini hakusawazisha. Cha 1: anasoma namba tu kwenye kioo. Hapo tunaelewana.

Kwenye kupendekeza ndipo nimekwama. Mmoja alipata pH 6.3 kwa udongo wenye 5.1, akaandika kwamba chokaa haihitajiki. Kwa namba yake, hoja ni sahihi. Shambani, mahindi yangeumia. Nikimshusha, naadhibu kosa moja mara mbili. Nimewaza kuwapa wote namba moja ya kupendekezea, lakini hapo nitakuwa nimevunja kazi halisi vipande. Ninyi mnafanyaje?