Tupeane uzoefu: barua ya mapenzi mlikuwa mkiimaliziaje?

Asmini wa Mkunazini
Nimefungua kasha la marehemu bibi, nikakuta barua ambazo babu alikuwa akimpelekea kutoka Mombasa. Kiswahili chetu, hati ya Kiarabu. Juu mote ni asali tupu, lakini mwisho kila moja inasema: "Wasalaam, min muhibuka", kisha jina lake na la baba yake, kisha "biyadihi". Mbona mwisho mkavu hivi kwa mke wake mwenyewe? Nyinyi au wazee wenu mlimaliziaje?

Mpemba wa Tanga
Wasalaam ni ya barua za kiofisi. Ya mapenzi haitiwi.

Maalim wa Ng'ambo
Si kweli, yakhe. Wasalaam ilifunga barua zote, ya deni, ya msiba na ya mapenzi. Na wewe Asmini, usiite huo ukavu. "Biyadihi" maana yake kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Zamani asiyejua kuandika alikwenda kwa mwandishi, akatamka, mwenzake akaandika. Bibi yako akiiona "biyadihi" alijua maneno yale hayakupita masikioni mwa mwanamume mwengine.

Hiyo "muhibuka" ndiyo ya kuitazama. "Ka" ya mwisho huambiwa mwanamume. Kwa mke wake ilitakiwa "muhibuki". Nadhani babu alizoea kuwaandikia wafanyabiashara wenzake, akauhamisha mwisho ule kama ulivyo. Tazama barua za baadaye kama imegeuka "ki". Lakini kama hakutia irabu, kafu ni kafu tu, huwezi kujua alikusudia ipi.

Kijana wa Fuoni
Mimi nataka kumalizana na mchumba wangu wa miaka mingi, nimwandikie vipi asiumie?

Bi Mkubwa wa Mkoani
Mwanangu, hapa tunazungumza mwisho wa barua, si mwisho wa mapenzi. Wewe nenda kwao ukaseme kwa mdomo.

Bint Wete
Mmenikumbusha balaa. Wakati wetu barua ya mvulana haitiwi jina. Mwisho ni "Wako wa ubani" na herufi moja, basi, kwa sababu mbebaji ni mtoto, na mtoto akisimamishwa na kaka mtu anaitoa. Wangu alitia S. Kaka yangu akaikamata njiani. Mtaani kwetu wenye S walikuwa wengi, yeye akaenda moja kwa moja kwa kijana mmoja mwenye baskeli, ati kwa kuwa alizoea kunisalimia. Akampiga mbele ya duka hata mdomo ukachanika. Kijana wa watu anaapa hajui lolote, na kila akiapa anazidishiwa. Miye niko mlangoni natetemeka. Nikisema si yeye, nitaulizwa ni nani.

Aliyemwokoa ni mwenye duka. Alitoa daftari la madeni, ambamo kijana yule alikuwa akitia sahihi yake, akaliweka karibu na barua. S ya kijana ilisimama wima kama nane isiyofungwa, ya barua ililala na ina mkia mrefu. Kaka akaishiwa nguvu pale pale. Na mwenye S yake hasa alikuwa ndani ya duka hilo hilo, mkate mkononi. Hakuniandikia tena.

Chumvi ya Makunduchi
Lo! Huyo aliyepigwa mlimwomba radhi?

Bint Wete
Baba alimchukua kaka usiku ule ule wakaenda kwao.

Mpemba wa Tanga
Mwanamume hajifichi. Tia jina kamili.

Bi Mkubwa wa Mkoani
Tia jina kamili uone binti wa watu atakavyotolewa skuli! Sisi tulimalizia kwa jina la kanga aliyoniona nimejifunga siku fulani. Mimi najua, yeye anajua, kaka asome mpaka achoke.

Chumvi ya Makunduchi
Mimi nilikuwa na rafiki wa barua Mwingereza. Mwisho alinitilia X tatu. Skuli X ni kosa, nikadhani Kiswahili changu kimeniangusha, nikarudia barua nzima kwa kusahihisha. Baadaye sana nikaambiwa kwao hizo ni busu.

Mpemba wa Tanga
Waingereza humalizia "wako mwaminifu".

Maalim wa Ng'ambo
Hiyo humwandikia bwana ambaye juu hukumtaja jina. Ukishamtaja, ni "wako kwa dhati". Kwa mpenzi hawatumii ile ya kwanza.

Kijana wa Fuoni
Kwao ni mbali, Bi Mkubwa. Haifai hata kwa simu?

Asmini wa Mkunazini
Maalim, nimezitazama. Nyingi hazina irabu. Mbili zinazo: ya mwanzo ina fataha, yaani "ka", ya baadaye ina kasra, yaani "ki", lakini wino wa kasra ni mweusi zaidi kuliko wa barua.

Maalim wa Ng'ambo
Basi huenda imetiwa baadaye, na babu au na bibi mwenyewe kama alisoma chuoni. Je, bibi aliandika? Kama lipo andiko lake lolote, linganisha. Nipigie picha mstari wa mwisho tu. Ya juu yaache, ni yao.