Banki inaniita kwa jina, kisha inaniuliza mimi ni nani

Mama Unga, Ruashi, Lubumbashi
Nauza unga kwa jumla. Jumatatu nimeenda kutoa dola 4,000 nilipe mzigo ulioko Kasumbalesa, binti wa gishe akasema akaunti haitoi kitu mpaka nilete vitambulisho. Vitambulisho nilileta 2013 nilipofungua! Pale ndani wananijua kwa jina. Ni haki banki imzuilie mtu feza zake eti haimjui tena?

Mukubwa wa Kamalondo
Mama, pole, lakini tusidanganyane. Hiyo ni CENAREF, ofisi ya Serikali inayochunguza feza chafu. Wakiona feza inapita nyingi wanafunga, halafu banki inasingizia vitambulisho. Tafuta mwanasheria kabla ya kurudi pale.

Zamani wa Konformite
Mukubwa, nusu ni kweli. CENAREF ipo, na banki inapeleka kwake taarifa za feza inazozitilia shaka. Ila banki imekatazwa kumnong'oneza mteja kwamba ametajwa. Ingekuwa ni CENAREF, binti wa gishe asingemwambia mama alete nini ili afunguliwe. Hapa amepewa sababu na dawa yake, kwa hiyo naona ni banki yenyewe inayofanya upya faili lake. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa.

Mama, nijibu mawili. Mwaka 2013, pale kwenye fomu palipoulizwa kazi, uliandika nini? Na tangu Jumatatu kuna feza imeingia?

Mama Unga
Niliandika mwanafunzi, baba ndiye alikuwa ananitumia dola 100 au 150 za masomo. Kuingia imeingia: mteja wa Likasi ametuma 1,200 jana, ujumbe nimepata.

Zamani wa Konformite
Basi tumefika. Inaingia, haitoki: hicho ni kizuizi cha faili. Akaunti iliyokamatwa na hakimu ina karatasi ya mahakama nyuma yake, na banki ingekuonyesha.

Sasa jiweke upande wa mashine. Kwenye kompyuta yao bado kuna binti mwanafunzi, anakaa Katuba au popote alipokuwa anakaa baba yako, ana kadi ya mpiga kura ya 2011, anapata dola 150 kwa mwezi. Binti huyo huyo sasa anazungusha maelfu kila wiki. Binti wa gishe anakujua, lakini faili halikujui. Watu wanadhani banki inauliza tena jina. Jina hata haliwasumbui sana, wanachotafuta ni kazi yako ya leo na feza hii inatoka wapi.

Na hawaulizi wote kwa wakati mmoja. Kila banki inapanga wateja kwa hatari. Mwenye mshahara mdogo usiobadilika anaweza kukaa miaka mitano bila kuulizwa, wa katikati miwili au mitatu, na mwanasiasa au muuza madini kila mwaka. Halafu kuna vinavyoamsha faili kabla ya zamu yake: kadi iliyopitwa na wakati, anwani iliyohama, au feza isiyofanana na kazi iliyoandikwa. Wewe nadhani umeamshwa na hilo la mwisho.

Mwalimu wa Kipushi
Mimi ni huyo wa mshahara mdogo, na walinifungia pia. Mwisho wa mwezi, duka limekwisha nipa unga kwa deni, mshahara umeingia nauona, siugusi. Nikapeleka kadi mpya ya 2023. Wakaikataa! Ile ya zamani ilisema 1978, hii mpya imeandika 1979, na jina la pili limekaa mahali pa jina la kwanza. Nilirudi mara tatu. Kosa la aliyeandikisha wapiga kura nililipe mimi?

Zamani wa Konformite
Mwalimu, hilo ndilo liliwachosha hata sisi ndani. Watu wetu wana majina matatu, na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Mashine ikilinganisha inaona watu wawili. Dawa ni kwenda na kadi zote mbili pamoja na cheti cha kuzaliwa, au kama huna, karatasi ya komini inayosema ni mtu mmoja. Na usiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokea. Bila hiyo, faili likipotea mezani kwa mtu, ni wewe uliyepuuza.

Kijana wa komini Kenya
Hata mimi wameniandikia! Walisema nibonyeze mahali niandike namba ya siri ya feza za simu, la sivyo laini inafungwa kesho. Niandike?

Zamani wa Konformite
Usiandike kijana, hao ni wezi, na hilo si jambo tunalozungumza hapa. Banki inataka karatasi zako. Namba ya siri haiihitaji kwa lolote. Ukipata ujumbe wa aina hiyo, nenda ajansi kwa miguu yako uulize.

Mama Unga
Ndiyo maana na mimi jumbe tatu za banki nilizifuta. Nilidhani ni hao hao.

Dada wa Golf
Nakubali waulize, sikubali namna ya kufunga. Mama angeweza kuachiwa hata dola 300 kwa wiki ya chakula na usafiri. Mwalimu angeachiwa mshahara wake, unatoka Serikalini, nani asiyejua unakotoka? Kumfungia mwalimu kunazuia uchafu gani wa feza?

Zamani wa Konformite
Hapo dada sitabishana sana. Sheria namba 22/068 ya Desemba 2022 inataka banki ijue mteja wake na habari zake ziwe za sasa, na ikishindwa kabisa iache kumhudumia. Lakini kufunga mshahara wote siku moja ni uamuzi wa banki. Kwenye mashine ni kitufe kimoja, kikomo cha dola 300 kinataka mtu akae apange.

Ila tuseme na upande wao. Dola za hapa zinapita kwenye banki za ng'ambo. Tangu GAFI, shirika la dunia linalopambana na feza chafu, ituweke kwenye orodha ya kijivu ya nchi zinazochungwa Oktoba 2022, banki hizo zinaweza kuuliza juu ya malipo moja tu: huyu mama ni nani, unga anaununua kwa nani? Banki yetu ikijibu "mwanafunzi", anayeumia si mama peke yake. Wakikata uhusiano, wateja wote hawatumi dola nje.

Mukubwa wa Kamalondo
Yaani mtu wa ng'ambo anaogopa unga wa Ruashi, lakini wenye makontena ya kobalti wanapita.

Zamani wa Konformite
Hilo ulizie wakubwa zaidi yangu.

Mama Unga
Narudi na habari. Alhamisi nimepeleka kadi ya 2023, karatasi ya makazi kutoka kwa mkuu wa mtaa, patenti, na fakture tatu za unga. Walinipa fomu ukurasa mmoja na nusu: unapata kiasi gani kwa mwezi, kutoka kwa nani, unalipa nani. Ijumaa saa tano imefunguka.

Lakini hawajamaliza. Wanasema akaunti ya mtu binafsi si ya biashara, nifungue nyingine ambayo wanakata makato kila mwezi, wamenipa siku 30. Na lori limelala Kasumbalesa usiku nne, mwenyewe anadai dola 40 kwa kila usiku. Nimemuuliza meneja 160 hizo nani analipa. Amecheka, akaniuliza kama nimebadilisha namba ya simu.