Naomba ushauri: yai kwenye vitumbua, kiasi gani?

Habari zenu wapendwa. Mchele vikombe viwili naloweka usiku kucha, nasaga na tui zito, sukari, iliki na hamira, kisha naacha uumuke. Vitumbua vikiwa vya moto ni laini, vikipoa vinakakamaa katikati. Jirani akasema nitie yai. Nikatia mawili baada ya uji kuumuka: havikumeguka wakati wa kugeuza, ila vilivutika kama kimanda na harufu ya yai ikafunika iliki. Je, yai moja linatosha, au nitie ute peke yake? Au yai linashikisha tu, na ulaini unatoka kwenye wali kidogo unaosagwa pamoja na mchele? Mnaouza, mnatia kweli?