Fomu ya kuomba miadi kwenye tovuti ya mawakili: tuulize nini, tuache nini?

fundi_wa_kurasa
Wadau, naomba ushauri. Nilitengeneza tovuti ya ofisi yenye mawakili watatu. Fomu yake ina jina, simu, kisanduku kikubwa cha "Tueleze kesi yako kwa undani", na mahali pa kupakia nyaraka. Juzi usiku mama mmoja akaijaza: anataka talaka, na akaorodhesha mali ambazo mumewe hajui kama anazo. Asubuhi wakili akasoma mpaka mwisho, ndipo akagundua huyo mume ni mteja wake. Imebidi ajitoe kwa wote wawili, na lawama zimeniangukia mimi. Nipunguze nini bila kufukuza wateja?

kaka_seva
Hapo ni usalama tu mkuu. Weka https, halafu andika chini ya ukurasa kwamba kutuma fomu hakumfanyi mtu kuwa mteja. Imeisha hiyo.

karani_wa_zamani
Haijaisha. Https inalinda ujumbe ukiwa njiani, na wa huyo mama ulifika salama salimini. Shida ni nani aliupokea. Tangazo ni zuri, ila likae juu ya kitufe cha kutuma, maana chini ya ukurasa hakuna anayefika. Hata hivyo halimsahaulishi wakili alichokwisha kusoma.

Nimekaa mapokezi ya mawakili miaka mingi. Mtu akiingia, kabla hajaanza kusimulia nilikuwa namkatisha: "Samahani, unadaiana au unagombana na nani?" Nachukua jina, naangalia kwenye daftari la wateja, wa sasa na wa zamani. Likiwemo, namwambia hatutaweza kumhudumia, bila kumwambia kwa nini, kwa sababu hata kusema "yule ni mteja wetu" ni kutoa siri. Fomu yako ifanye hivyo hivyo. Iulize jina, simu, saa nzuri ya kupigiwa, aina ya jambo kwa kuchagua (familia, ardhi, ajira, biashara), na jina la upande wa pili. Maombi yaende kwa karani, si kwa wakili. Kisanduku cha maelezo na nyaraka viondoke kabisa. Mtu atasimulia akishapewa miadi.

dada_hesabu
Sisi wahasibu yalitukuta upande wa sifa. Tuliweka ushuhuda wa mteja bila jina: "kampuni ya malori iliyookolewa kwenye deni la kodi". Kwenye mji wetu kampuni za malori ni mbili. Ushuhuda haukukaa hata wiki, simu ikapigwa kwa hasira. Sasa tunaweka majina yetu, vyeti, namba za usajili, na makala za kueleza taratibu. Watu wanatuamini vile vile.

fundi_wa_kurasa
Asante karani, ya daftari sikuifikiria. Nimerudi kwenye msimbo nikakuta jingine, naona hata aibu. Fomu haikuwa na `method`, kwa hiyo kivinjari kilikuwa kinatumia GET na kuweka yote yaliyojazwa kwenye anwani ya ukurasa. Ona mstari wa kumbukumbu za seva, data nimebadilisha:

```
GET /asante?jina=Mfano&maelezo=nataka+talaka
```

kaka_seva
Duh. Basi hata ile huduma ya kuhesabu wageni imeupokea ujumbe wa yule mama, maana inanakili anwani nzima ya ukurasa. Hapo nakubali https haisaidii.

karani_wa_zamani
Badilisha iwe `method="post"` leo hii, kisha mfute yaliyomo kwenye kumbukumbu za seva na kwenye hiyo huduma. Angalia pia ile barua pepe ya taarifa. Tovuti nyingi hunakili ombi zima humo, na barua inatua kwenye simu za ofisi nzima. Iseme tu "Kuna ombi jipya", na anayetaka kusoma aingie kwa nywila.

mgeni_hapa
Samahani, na mimi nina kesi ya talaka. Hiyo ofisi naipataje?

fundi_wa_kurasa
Dada/kaka, usiandike kesi yako hapa, uzi huu unasomwa na kila mtu.

dada_hesabu
Mimi hilo la kuuliza jina la upande wa pili mtandaoni linanipa shaka. "Familia" pamoja na jina la mume, tayari ni siri. Afadhali ibaki jina la mwombaji na simu, karani aulize mengine kwa mdomo.

karani_wa_zamani
Una hoja. Ila ukipiga simu, watu hawakusubiri uwaulize, wanamwaga yote kwenye sentensi ya kwanza. Na kuna wanaopokea simu mwenzao akiwa amekaa pembeni.

fundi_wa_kurasa
Nitaliweka jina la upande wa pili kama swali la hiari, nione wangapi wanalijaza. Nyaraka nimeshaziondoa. Zile zilizopakiwa zamani, ambazo zilipita njia yake tofauti na fomu, nimezikuta kwenye folda ambayo yeyote mwenye kiungo anaifungua bila nywila. Usiku huu silali.