Alamu ya moshi: ya ayoni au fotoelektriki kwa nyumba ndogo, na niifunge wapi?

MwangaJuu (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba ndogo hapa Mwanga, vyumba viwili vya kulala vinatazamana, katikati kikorido kama mita 4 hivi, mbele sebule, nyuma jiko. Vyumbani na koridoni kuna dari ya jipsam, sebuleni ukiangalia juu ni bati tupu, mwenye nyumba hajamalizia. Nataka kufunga alamu za moshi hizi za betri, hela inatosha mbili tu. Dukani nimeonyeshwa aina mbili, ya ayoni bei iko chini kidogo na nyingine ya fotoelektriki, muuzaji mwenyewe hajui tofauti anasema zote zinalia tu. Tunapikia gesi na mkaa, na mnajua huku kwetu, migebuka na dagaa kwa mawese ni kila siku. Nichukue ipi na nifunge wapi?

KasuluBoy
Chukua ya ayoni, ndo inayowahi moto, hiyo nyingine inangoja mpaka moshi uwe mzito. Moja funga jikoni maana moto unaanzia jikoni, nyingine sebuleni, kwisha.

BiZuhura_Ujiji
Mimi kaka yangu aliniletea moja toka nje, tukaifunga karibu na mlango wa jiko. Jamani hiyo kelele! Mawese yakipata moto tu kwenye kikaango, hata hujatia samaki, inapiga mayowe mpaka mtoto mchanga anaamka. Baba watoto akatoa betri, sasa hivi ipo ukutani kama pambo. Kwa hiyo mimi naona hivi vitu sio vya nyumba za kwetu sisi, ni vya wazungu wanaochemsha chemsha.

FundiTaa_Tabora
Bi Zuhura hapana mama, kitu chenyewe hakina shida, ila naweza kubeti hiyo ni ya ayoni na imewekwa mahali pabaya. Igeuze nyuma usome, ukikuta ile alama ya mionzi yenye majani matatu au maandishi Am-241, ndo yenyewe.

Sasa tofauti iko hivi. Ya ayoni ndani yake kuna punje ya amerisiamu inayofanya hewa ya kwenye kichumba chake ipitishe umeme kidogo sana, vumbi la moshi likiingia umeme ule unapungua, inalia. Inapenda vipande vidogo vidogo kabisa vya moshi ambavyo hata huvioni kwa macho, na hivyo vinatoka kwenye moto wa mwali, karatasi inawaka, petroli, na pia kwenye mafuta yaliyopata moto jikoni, ndo maana inamlilia Bi Zuhura kabla samaki hajaingia. Fotoelektriki yenyewe ina kitaa kinachomulika pembeni, na jicho ambalo kwa kawaida halioni huo mwanga, moshi ukiingia unautawanya mwanga mpaka unafika kwenye jicho. Hiyo inapenda moshi mnene wenye vipande vikubwa, moshi wa kitu kinachofukuta.

KasuluBoy yuko sawa nusu. Moto ukianza na mwali, ya ayoni inatangulia, ila mara nyingi tofauti sio kubwa. Moto wa kufukuta ni kesi nyingine. Dawa ya mbu ya kuzunguka imedondokea godoro la foam saa sita usiku, au ekstensheni imepata joto nyuma ya sofa, hapo godoro linaweza kufukuta muda mrefu bila mwali, chumba kimejaa moshi, na ya ayoni ikachelewa dakika nyingi sana nyuma ya fotoelektriki. Majaribio ya NIST, taasisi ya viwango kule Marekani, yalionyesha hivyo hivyo pande zote mbili. Na watu hapo wamelala, pua haiamshi mtu. Kwa nyumba ya hela ya mbili mimi nachukua fotoelektriki zote.

Mnyanyembe
Mkuu mi nimesikia hizo za ayoni ni sumu kabisa, zina nyuklia, ukilala nayo chumbani unapata kansa. Tupa mbali.

FundiTaa_Tabora
Usiitupe tupe na usiifungue, hapo ndo pa kuogopa. Ikiwa nzima mionzi yake ya alfa haivuki hata sentimita chache za hewa, achilia mbali lile ganda, kulala nayo hakuna neno. Shida ni mtoto kuibomoa au mtu kuichoma na takataka. Mimi siikatai kwa sababu ya mionzi, naikataa kwa sababu ya mawese 😂

MwangaJuu
Hapo nimeelewa, fotoelektriki. Sasa wapi? Jiko la gesi liko kama mita 2 toka mlango wa jikoni.

FundiTaa_Tabora
Jikoni usifunge. Kaa angalau mita 3 toka kwenye jiko, hata fotoelektriki ukiisogeza karibu italia na mtaishia kutoa betri kama wenzenu. Kwako wewe mlango uko mita 2, ukiingia koridoni mita 2 zingine uko katikati ya milango miwili ya vyumba, jumla mita 4. Hapo hapo, katikati ya dari. Ukilazimika kuweka ukutani, iwe sentimita 10 mpaka 30 chini ya dari, na usiibane kwenye kona pale ukuta na dari vinapokutana, moshi unaweza usifike hapo. Bafu kama linafungukia koridoni acha kama mita moja, mvuke nao unaidanganya. Kama kuna feni ya dari, acha karibu mita moja toka ncha ya panga.

KasuluBoy
Na ya pili sebuleni, maana TV na friji na ekstensheni zote ziko huko. Hapo sibishani.

FundiTaa_Tabora
Hapo mi nasita. Lile bati mchana linaoka, chini yake kunakuwa na tabaka la hewa ya moto, moshi mdogo wa kufukuta hauna nguvu ya kulipenya, unakwama chini. Na vijitabu vyake vingi vinasema joto lisizidi nyuzi 38 au 40, chini ya bati saa nane mchana sijui kama utapona. Juu ya ukuta kuna matundu pia, moshi unatoka nje. Mimi ningeipeleka chumba cha watoto, kina dari, na usiku mlango ukifungwa ile ya koridoni moshi unaifikia umechelewa.

KasuluBoy
Moto wa usiku bati limeshapoa mkuu. Apigilie kibao kwenye kenchi, kishuke chini ya bati kama futi moja, afunge hapo.

FundiTaa_Tabora
Inawezekana, wengine wanafanya hivyo. Ila kwa kifaa kimoja kilichobaki bado naenda na watoto. Akipata hela ya tatu ndo kibao chako.

BiZuhura_Ujiji
Sawa, na ile siku ya mvua tukiingiza jiko la mkaa ndani, lishakolea halina moshi, itatuambia?

FundiTaa_Tabora
Haitakwambia kitu, mama. Hewa ya mkaa haina moshi, hakuna cha kutawanya mwanga. Hiyo inataka alamu yake ya kaboni monoksaidi, kifaa kingine kabisa. Jiko libaki barazani.

MwangaJuu
Kwa hiyo koridoni na kwa watoto. Pale dukani boksi moja linaonekana limekaa sana, lina shida?

FundiTaa_Tabora
Geuza nyuma usome tarehe ya kutengenezwa, ikifika miaka 10 haifai hata kama haijafunguliwa. Bonyeza kitufe cha kujaribu hapo hapo dukani kabla hujalipa, na nyumbani kila mwezi. Ikianza kulia tik moja moja kila baada ya muda ni betri inaisha, sio moto.

Mnyanyembe
Na kumbikumbi je? Ya kwangu msimu wa mvua inalia usiku bila moshi wowote.

FundiTaa_Tabora
Wadudu wadogo wakiingia kwenye kile kichumba cha mwanga ni kama moshi tu. Pitisha brashi laini kwenye matundu ya pembeni, na taa usiiweke jirani nayo.